Kisima cha Isimani hakikauki siku ya nne: ile grafu inasomwa kwa kuzidisha, sio kwa kujumlisha

Wiki hii kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya watsap huku Iringa, nimetumiwa na watu sita tofauti. Ni grafu ya kupima uwezo wa kisima kirefu kipya cha kijiji kimoja tarafa ya Isimani. Mtu ameipiga kwa simu ikiwa juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, kivuli cha mkono wake kimeangukia upande wa kulia, na kona ya karatasi imejikunja. Nukta zimejipanga kwenye mstari ulionyooka kabisa unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Ujumbe unaoandamana na picha unasema maji yameshuka mita 12 na nusu siku moja tu, mstari haupindi hata kidogo, kwa hiyo siku ya nne pampu itaanza kunyonya hewa, wananchi msikubali kukipokea. Na kweli baadhi ya watu wameanza kukataa kuchangia hela ya tenki.

Mimi nasema huo ujumbe umekosea, na umekosea kwa sababu moja tu. Aliyeuandika amesoma mhimili wa chini wa ile grafu kama rula ya kawaida wakati ule ni mhimili wa logi. Kwenye rula ya kawaida ukisogea pengo moja unajumlisha, kwenye logi ukisogea pengo lile lile unazidisha, na ukichanganya hivyo viwili unapata kisima kinachokauka siku nne badala ya kisima ambacho baada ya siku nne za kupampu usiku na mchana kinakuwa kimeshuka chini ya mita mbili zaidi ya pale kilipofika siku ya kwanza. Ipo hofu ya kweli kuhusu hiki kisima na nitaifikia, lakini sio hiyo inayosambazwa.

Tuanze na kilichofanyika pale kijijini. Kisima kikishachimbwa, mafundi wanashusha pampu ya kuzamisha, wanapima maji yako mita ngapi kutoka juu kabla ya kugusa chochote, halafu wanawasha na kupampu kwa kasi ile ile bila kupumzika, mara nyingi masaa 24. Kila baada ya muda wanashusha waya wa kupimia kina, ule unaolia ncha yake ikigusa maji, na wanaandika maji yameshuka kiasi gani. Mwanzoni wanapima kila dakika maana maji yanashuka haraka, baadaye kila nusu saa. Kwa hiki kisima maji yalikuwa mita 14 kutoka juu, pampu imekaa mita 58, na walivuta mita za ujazo 4 kwa saa. Namba nimezirahisisha kidogo ili zifuatike, ila umbo la grafu ni lile lile mnaloliona kwenye simu. Kwenye dakika ya 10 maji yalikuwa yameshuka mita 6, dakika ya 100 mita 9, dakika ya 1,000 mita 12, na test ilipoisha dakika ya 1,440 ilikuwa mita 12 na nusu.

Sasa ziangalie hizo namba taratibu kabla hatujarudi kwenye picha. Kutoka dakika ya 10 hadi ya 100 zimepita dakika 90, maji yameshuka mita 3. Kutoka dakika ya 100 hadi ya 1,000 zimepita dakika 900, yaani masaa 15, na maji yameshuka mita 3 zile zile. Muda umekuwa mara kumi zaidi ila mshuko ni ule ule. Mtu anayechora hizi namba akaamua kwamba kila muda unapozidishwa kwa kumi asogee pengo moja kulia, pengo lenye upana ule ule, na ndiyo maana mstari umenyooka. Umenyooka kwa sababu ya jinsi mhimili ulivyogawanywa, haina maana kwamba maji yanashuka kwa mwendo ule ule saa baada ya saa.

Ukisafiri barabara ya Iringa kwenda Mbeya unaona nguzo za kilomita, kila nguzo inaongeza moja juu ya ile ya nyuma, na umbali kati ya nguzo ni ule ule. Huo ndio mhimili wa kawaida, nguzo ya tano iko mbali mara tano ya nguzo ya kwanza. Mhimili wa logi ni kama nguzo zimepandwa kwa umbali ule ule lakini ya kwanza imeandikwa 1, ya pili 10, ya tatu 100, ya nne 1,000. Kwa grafu yetu hizo ni dakika, na ukizigeuza kuwa muda tunaoufahamu ndio utaona ninachosema: nguzo ya kwanza ni dakika moja, ya pili dakika kumi, ya tatu ni saa moja na dakika 40, ya nne ni masaa 16 na dakika 40, ya tano ingekuwa karibu siku 7, ya sita siku 69, na ya saba siku 694 ambazo ni karibu miaka miwili. Kila hatua kwenye karatasi ni ile ile kwa macho. Ila hatua ya kwanza ni dakika tisa na hatua ya sita ni zaidi ya mwaka na miezi minane.

Shida ya hii picha iliyosambaa ni kwamba namba za chini hazionekani vizuri. Inaonekana 10, inaonekana 100, lakini namba inayofuata imemezwa na kile kivuli. Kwenye grupu moja jamaa mmoja, mtu makini tu wala sio mzushi, akaandika kwamba namba iliyofichwa lazima iwe 190, maana kutoka 10 hadi 100 ni 90 na pengo la pili ni sawa na la kwanza, kwa hiyo 100 ujumlishe 90. Hesabu yake ya kujumlisha haina kosa, tatizo ni kwamba hapo hapajumlishwi. Na uzuri ni kwamba picha yenyewe inaweza kumuonyesha, huhitaji kumuamini mtu yeyote.

Chukua rula uiweke juu ya skrini, au kama una mahali pa kuprinti ndio vizuri zaidi. Kwenye nakala yangu pengo kutoka mstari wa 10 hadi mstari wa 100 ni milimita 40, na kutoka 100 hadi ule mstari uliofichwa ni milimita 40 tena. Nukta ya mwisho kabisa ya test iko milimita 6 kupita huo mstari uliofichwa. Kama ule mstari ni 190 na tunajumlisha, basi milimita 6 za mbele ni kama dakika 14 hivi, na test ingeishia dakika ya 204, ambayo ni masaa matatu na dakika 24. Lakini kichwa cha karatasi, kinasomeka vizuri tu pale juu, kimeandikwa test ya masaa 24. Sasa jaribu kuzidisha. Mstari uliofichwa unakuwa 1,000, na milimita 6 kati ya 40 unazipata kwa kalkuleta ya simu, ile ya kisayansi, hivi:

```
1000 × 10^(6/40) = 1412
```

Dakika 1,412, na masaa 24 ni dakika 1,440. Tofauti ni kama nusu saa, ambayo kwa rula ya kawaida kwenye skrini ni chini ya nusu milimita. Njia moja imetoa masaa matatu, nyingine imetoa masaa 24 kasoro kidogo, na karatasi inasema 24.

Kama hata kichwa cha karatasi kingekatwa bado kuna alama. Angalia ile mistari midogo kati ya 10 na 100. Kwenye mhimili wa kawaida ingekuwa imepishana sawa sawa. Hapa mstari wa kwanza mdogo uko mbali, milimita 12 kutoka kwenye 10, halafu inazidi kusogeleana mpaka ule wa mwisho unabanana na 100, umebakiza kama milimita 2 tu. Hiyo mistari ni 20, 30, 40 mpaka 90. Kutoka 10 kwenda 20 umezidisha kwa mbili, ni hatua kubwa, wakati kutoka 90 kwenda 100 umeongeza kumi zile zile lakini kwa kuzidisha ni kitu kidogo, asilimia 11 tu, kwa hiyo imepewa nafasi ndogo. Ukiona mistari inabanana, inaachia ghafla, inabanana tena, ujue uko kwenye logi hata kama hakuna namba hata moja. Alama ya pili ni kwamba hakuna sifuri popote. Huwezi kuifikia sifuri kwa kugawanya kwa kumi, unapata 0.1, halafu 0.01, unaendelea hivyo bila mwisho, kwa hiyo mhimili wa logi hauna mahali pa kuiweka.

Tahadhari moja kwa wanaopima kwenye picha za simu. Picha ikipigwa kwa pembeni, upande ulio mbali na kamera unasinyaa, unaweza kukuta pengo moja lina milimita 43 na jingine 37 wakati kwenye karatasi yalikuwa sawa. Hapo usichukue kipimo cha pengo moja ukakitumia kwa jingine. Pima nukta yako ndani ya pengo lake yenyewe, na kama mistari midogo inaonekana shikilia ile miwili iliyo jirani na nukta, kosa linakuwa dogo.

Kuna nukta moja kwenye picha imeleta maneno mengi na inafaa tuifanyie kazi yote. Katikati ya pengo la 100 na 1,000 kuna nukta imeruka juu ya mstari, kama vile maji yalipanda ghafla halafu yakarudi. Watu wamesoma kwa macho, wakasema iko karibu theluthi mbili ya pengo, kwa hiyo ni kama dakika ya 685. Test ilianza saa 2 asubuhi, ukihesabu dakika 685 unaangukia saa 1 na dakika 25 usiku, na hapo hadithi ikazaliwa kwamba usiku ule mafundi walizima pampu kimya kimya ili maji yapande na grafu ipendeze. Mimi nimepima, nukta iko milimita 26 kutoka kwenye 100:

```
100 × 10^(26/40) = 447
```

Wakati huo walikuwa wanapima kila nusu saa, kwa hiyo hiyo ni nukta ya dakika ya 450, saa 9 na nusu alasiri, jua linawaka na nusu ya kijiji ipo pale. Mama mmoja mjumbe wa kamati ya maji, aliyekaa pale tangu asubuhi na daftari lake, nilimpigia simu kumuuliza. Baada ya kusalimiana, kamwene na habari za watoto, akaniambia, "Mwanangu, mbona saa tisa na dakika ishirini na tano jenereta ilikuwa inakohoa, wakawa wanaongeza dizeli, maji kwenye bomba yakapungua nguvu kidogo. Nimeandika hapa." Jenereta ikilegea pampu inavuta kidogo, maji kisimani yanapanda, nukta inaruka juu. Tofauti ya masaa karibu manne, kati ya tukio la kawaida la mchana na tuhuma ya usiku, imetokana na kugawa pengo kwa kujumlisha. Hapo watu wamechafuliwa majina kwa sababu ya rula, na mimi hilo limeniuma kuliko hata habari ya kisima.

Sasa turudi kwenye siku nne. Hesabu ya ujumbe ni hii: maji yalikuwa mita 14, yameshuka 12 na nusu, yako mita 26 na nusu, pampu iko mita 58, zimebaki mita 31 na nusu, ukigawa kwa 12 na nusu kwa siku unapata siku mbili na nusu, jumlisha ile ya kwanza, siku ya nne kwisha habari. Inaonekana imekamilika. Lakini grafu ile ile inasema saa la kwanza la test maji yalishuka mita 8 na sentimita 30 hivi, na saa la mwisho, la ishirini na nne, yalishuka sentimita 6 hata hazijafika. Hakuna "mita 12 na nusu kwa siku" popote. Kanuni ya mstari huu ni kwamba kila muda ukizidishwa kwa kumi zinaongezeka mita 3, na kwa hiyo kila muda ukizidishwa kwa mbili inaongezeka mita 0.9. Siku ya kwanza 12.5, siku ya pili 13.4, siku ya nne 14.3, siku ya nane 15.2. Siku ya nne maji yatakuwa mita 28 na kidogo kutoka juu, na pampu ipo mita 58. Ukiufuata mstari mpaka ile nguzo ya saba, karibu miaka miwili bila kuzima hata dakika moja, unapata mshuko wa mita 21, maji yako mita 35.

Kwanini maji yafanye hivi? Pampu ikianza kuvuta, maji yanayokizunguka kisima yanainama kuelekea kwenye bomba, linatokea kama bakuli chini ya ardhi, na hilo bakuli linapanuka kadri muda unavyoenda. Muda ukizidi mara kumi, umevuta maji mara kumi zaidi, lakini na eneo linalochangia maji limepanuka mara kumi. Maji mara kumi kutoka eneo mara kumi, kina kinachoongezeka kinabaki kile kile. Mtaalamu wa maji ya ardhini aitwaye Theis aliiandika hesabu ya bakuli hilo mwaka 1935, na mwaka 1946 Cooper na Jacob wakaonyesha kwamba baada ya muda mfupi wa mwanzo unaweza kuichora kama mstari ulionyooka ukiweka muda kwenye logi. Mafundi wetu wanatumia njia hiyo mpaka leo maana namba muhimu unaisoma moja kwa moja kwenye mstari, yaani mita ngapi kwa kila pengo. Mita chache kwa pengo, ardhi inapitisha maji vizuri, mita nyingi kwa pengo, inapitisha kwa shida.

Kuna hoja mbili za upande wa pili nimezisikia. Ya kwanza nakubaliana nayo: wananchi wamepewa karatasi wasiyofundishwa kuisoma, halafu wanalaumiwa kwa kuisoma vibaya. Ni kweli kabisa. Anayechora grafu ya kwenda kwenye mkutano wa kijiji angeandika chini ya 100 "saa 1 dk 40", chini ya 1,000 "saa 16 dk 40", na kuacha nafasi mbele yenye "siku 7" na "siku 69". Ni dakika tano za kalamu na huu mjadala usingetokea.

Hoja ya pili ndiyo inasemwa kwa sauti kubwa, na ni dhaifu: kwamba logi ni ujanja wa wataalamu wa kuficha ukweli, wangechora kwenye karatasi ya kawaida tuone wenyewe. Nimezichora hizo namba kwenye karatasi ya kawaida, daftari la mistari ya hesabu, masaa 24 kwenye sentimita 18. Dakika kumi za kwanza zote zimeingia kwenye milimita moja na robo, yaani karibu nusu ya mshuko wote imebanwa pembeni kama ukuta uliosimama, huwezi kuona nukta wala kujua nini kilitokea. Halafu baada ya hapo mstari unalala. Unalala hasa, masaa kumi ya mwisho unaonekana kama meza. Mtu yeyote akiitazama hiyo atasema maji yametulia, hayashuki tena, kisima hiki ni cha milele. Na huo ndio ungekuwa uongo mbaya zaidi, maana maji hayajatulia, yanaendelea kushuka mita 3 kwa kila pengo na yataendelea. Ni karatasi ya kawaida inayokipendelea kisima hapa, ile ya logi ndiyo inayokataa kusema kimetulia. Anayetaka kuwadanganya wanakijiji angechagua ya kawaida.

Hofu ya kweli iko kwingine. Mstari ulionyooka unaahidi kitu kwa sharti kwamba lile bakuli linaendelea kupanuka kwenye ardhi ya aina ile ile. Isimani sio Tukuyu. Kule Rungwe ardhi ni ya volkano na mvua ni nyingi, huku Isimani ni kukavu na chini ni mwamba mgumu wa kale, maji yanakaa kwenye tabaka lililooza juu ya mwamba na kwenye nyufa. Bakuli likipanuka mpaka likagonga ukuta wa mwamba usio na nyufa, upande huo hakuna maji ya kuchangia tena, na kwenye grafu mstari unakunjika, unaanza kushuka kwa kasi mara mbili, mita 6 kwa pengo badala ya 3. Na kwenye hiki kisima wachimbaji waliandika kwamba ufa mkubwa wa maji waliukuta mita 38. Maji yakishuka chini ya huo ufa, mlango mkuu wa kuingizia maji umebaki hewani, pampu ikae mita 58 au mita 80 haisaidii kitu. Kwa hiyo mpaka wa kuuangalia ni 38, sio 58. Kwa mstari ulionyooka tunafika mita 35 baada ya miaka miwili, tumebakiza mita 3, sio nyingi. Mstari ukikunjika mara tu baada ya test kuisha, tunafika 38 baada ya kama siku 83 za kupampu mfululizo, na kiangazi cha Isimani ni kirefu kuliko hapo. Kijiji hakitapampu masaa 24 kila siku, kwa hiyo muda halisi utakuwa mrefu zaidi, ila hapo ndipo penye swali.

Na hilo swali lina jibu linalopimika kabla hata tenki halijajengwa. Kurudia test kwa masaa 72 badala ya 24. Mstari ukibaki umenyooka, mwisho wa saa la 72 mshuko utakuwa mita 13.9. Ukikunjika mapema, utafika mpaka mita 15.4. Tofauti ni mita moja na nusu, waya wowote wa kupimia utaiona bila ubishi, na yule mama na daftari lake anaweza kuisimamia. Kuna watu watasema test ya siku tatu ni kupoteza dizeli maana kwenye karatasi haiongezi kitu. Kweli, kwenye karatasi ya logi zile siku mbili za ziada zinachukua milimita 19 tu, chini ya nusu ya pengo. Lakini milimita 19 za upande ule wa kulia ni masaa 48, na milimita 19 kama hizo zikianzia kwenye dakika ya 10 ni dakika 20 tu. Kamati ikienda kuomba, iombe hizo 19, na iombe mchoraji aandike siku na masaa chini ya mstari kabla mtu hajapiga picha.